Picha ya muuza kahawa imetoka kama alasiri: nibadilishe namba gani iwe na giza?

binti_kibokoni · Jumanne, saa 4:20 usiku

Assalamu alaikum jamani. Nina swali la kamera, na mnivumilie kwani nimeishika siku tatu tu. Ni ya kaka yangu, Nikon D3300 na lenzi iliyokuja nayo, ile ya 18-55.

Pale kona ya kwetu kuna babu muuza kahawa. Akishaswali Maghrib huja na jiko lake la makaa na dele, akakaa chini ya balbu moja iliyofungwa juu ya mlango, na wazee wakajipanga barazani. Napenda vile kulivyo: uso na mikono yake viko kwenye mwanga, dele linang'aa kidogo, na uchochoro wote nyuma ni giza. Hicho ndicho nilichokitaka.

Nilichopata ni kingine kabisa. Ukuta wa nyuma unaonekana hadi nyufa zake, nyaya za stima zinahesabika, utadhani ni saa kumi alasiri. Kanzu ya babu imekuwa nyeupe tupu, haina hata mkunjo. Balbu imekuwa donge. Na mkono unaomimina umefanya ukungu.

Nilitaka kuwawekea picha yenyewe. Nikaituma kwa WhatsApp kutoka laptopu hadi simu, kumbe ilipofika namba zake zote zimefutika. Kwa hivyo nimerudi kwenye laptopu, nikabonyeza picha kwa kitufe cha kulia, `Properties`, kisha `Details`, nikapiga skrinshoti. Hiyo hapo chini. Samahani haisomeki vizuri, nayo imepitia simuni.

Swali ni moja: kwenye namba hizo, nibadilishe ipi picha itoke na giza zaidi?

---

abiria_wa_likoni · saa 4:41 usiku

Pole dada. Hizo 18-55 giza haziliwezi, zinakula mwanga kidogo mno. Tafuta ile ya 50mm f/1.8, hata ya mtumba, utaona usiku unakuwa mchana. Kwa sasa, inua ile flashi ya juu ya kamera, babu atang'aa.

---

binti_kibokoni · saa 4:45 usiku

Kaka, usiku kuwa mchana ndiyo shida niliyonayo. Giza nalitaka, silikimbii 😂

---

abiria_wa_likoni · saa 4:47 usiku

Lo! Nimesoma mbio mbio, tuko kwenye foleni ya feri. Basi hapo sina la kusema, mimi maisha yangu yote natafuta mwanga.

---

stadi_wa_tudor · saa 5:02 usiku

Hii rahisi. Nimeisoma skrinshoti yako nikaipanga hivi:

| Kitu | Namba |
|---|---|
| Tundu la lenzi | 3.6 |
| Kasi ya shata | 1/75 |
| ISO | 3200 |
| Urefu wa lenzi | 27 mm |

Mchawi wako ni ISO. 3200 ni kubwa mno, ndiyo inayokuletea huo mwangaza. Ishushe hadi 800. Kutoka 3200 kwenda 1600 mwanga umepungua nusu, kutoka 1600 kwenda 800 nusu tena, kwa hivyo utabaki na robo. Picha itakuwa na giza na ile changachanga itapungua. Umemaliza.

---

kijana_wa_marikiti · saa 5:10 usiku

Ati baada ya Maghrib? `Date taken` hapo imeandikwa 3:58 PM. Hiyo ni saa kumi kasoro dakika mbili, jua liko juu ya Ngome bado. Dada, picha ni ya alasiri, ndiyo maana inaonekana ya alasiri 😅

---

binti_kibokoni · saa 5:13 usiku

Wallahi ilikuwa baada ya Maghrib! Taa ilikuwa imewashwa na mbu walikuwa wananimaliza miguu.

---

mzee_wa_studio · Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Binti, unasema kweli, na kamera yako inasema kweli pia, ila kwa saa ya Uingereza wakati wa baridi. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza tatu kwenye 3:58 utapata 6:58, yaani saa moja kasoro dakika mbili usiku. Kaka yako hakuweka saa za eneo alipoinunua. Hilo halina athari kwa picha, lirekebishe siku ukipata nafasi.

Sasa jedwali la Stadi. Yakhe, usikasirike, lakini nimekuza ile skrinshoti mpaka macho yakaniuma, na mistari miwili umeisoma visivyo.

Wa kwanza ni 1/75. Ni 1/15. Ile moja imeshikana na ukungu wa picha ikafanana na saba. Hata kama ningekuwa sioni, ningejua, kwa sababu kamera hii hupanda ngazi kwa theluthi: 1/50, 1/60, 1/80, 1/100. Hiyo 1/75 haina ngazi yake, wakati 1/15 ipo. Na mkono wa babu unatoa ushahidi: kwa 1/75 mkono unaomimina kahawa polepole ungetulia vizuri tu, kwa 1/15 lazima ufanye ukungu.

Wa pili ni 3.6. Hiyo umeitoa kwenye mstari wa `Max aperture`, na huo mstari umewapoteza wengi. Kwanza hausemi tundu alilopigia binti, unasema upeo ambao lenzi inaweza kufunguka. Angepiga kwa f/8, mstari huo ungebaki 3.6 vile vile. Pili, hata hiyo 3.6 haijaandikwa kwa lugha ya f. Iko kwa kipimo kingine, na ukitaka kuirudisha unafanya hivi:

```
2^(3.6/2) ≈ 3.5
```

Ndipo unapoona inakubaliana na lenzi yake, ambayo kwenye 18 mm mwisho wake ni f/3.5. Tundu lililotumika liko kwenye mstari wa `F-stop`, na bahati nzuri hapa ni f/3.5 pia, kwa hivyo kosa lako halikuumiza. Siku nyingine lingeumiza.

Ile 27 nayo ni 18 hiyo hiyo iliyozidishwa kwa moja na nusu, ili ilinganishwe na kamera za filamu. Haihusiani na giza.

Kuhusu kushusha ISO sitajibu sasa, kwa sababu skrinshoti imekatika kabla ya mstari ninaoutaka. Binti, rudi kwenye `Details`, teremka chini zaidi mpaka sehemu ya `Advanced photo`, unipigie tena. Natafuta `Exposure program`. Na uandike pia kwa mkono, macho yangu ni ya miaka sitini na tatu.

---

stadi_wa_tudor · saa 1:15 asubuhi

Mzee nimekubali 1/15. Lakini hesabu ya ISO iko pale pale, 800 ni robo ya 3200. Hapo hakuna `Exposure program` itakayoibadilisha.

---

binti_kibokoni · saa 2:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimeteremka, nimeipata. Nimeandika yote pamoja na ya juu:

```
F-stop              f/3.5
Exposure time       1/15 sec.
ISO speed           ISO-3200
Exposure bias       +0.7 step
Focal length        18 mm
Max aperture        3.6
Metering mode       Pattern
Flash mode          No flash
35mm focal length   27
Exposure program    Aperture Priority
```

---

mzee_wa_studio · saa 3:40 asubuhi

Marahaba mwanangu. Sasa tunaweza kuzungumza. Nimepanga mistari inayohusu swali lako tu, mingine nimeiacha.

| Mstari | Umeandikwa | Unachosema kwa picha hii |
|---|---|---|
| `Exposure program` | Aperture Priority | Wewe unachagua tundu, kamera inachagua yaliyobaki |
| `Exposure bias` | +0.7 step | Kamera imeambiwa izidishe mwanga kwa theluthi mbili za hatua |
| `Metering mode` | Pattern | Imepima fremu nzima, si uso wa babu |
| `F-stop` | f/3.5 | Lenzi imefunguka hadi mwisho |
| `Exposure time` | 1/15 sec. | Polepole mno kwa mkono unaosogea |
| `ISO speed` | ISO-3200 | Nadhani imegonga dari, nitaeleza |

Anza na mstari wa pili, kwa sababu huo ni mabaki ya mtu mwingine. Kuna siku mtu alibonyeza kile kitufe chenye alama ya +/- karibu na cha kupigia, akazungusha gurudumu mara mbili, akaacha hapo. Ukiwa kwenye P, S au A, na A ndiyo hiyo Aperture Priority yako, kuizima kamera hakurudishi kitu hicho sufuri. Kinakaa kinakungoja. Muulize kaka yako.

Lakini hata bila hiyo 0.7, picha yako bado ingekuwa na mwanga mwingi. Kamera haijui kwamba huu ni usiku. Inaangalia fremu, inaona robo tatu yake ni uchochoro mweusi, inasema hapa mwanga hautoshi, inaongeza mpaka ule weusi uwe kijivu cha kawaida. Ukuta unapanda, babu naye anapanda pamoja nao, na kanzu iliyokuwa tayari nyeupe haina pa kupandia tena, inafutika.

Sasa Stadi, tuje kwako. Robo ni robo, hesabu yako haina kasoro. Ila binti yuko kwenye A. Akishusha ISO hadi 800, kamera itaona mwanga umepungua mara nne, itaurudisha kwa kuacha shata wazi mara nne zaidi. Kutoka 1/15 atafika 1/4. Picha itatoka na mwangaza ule ule, babu akiwa hana mkono kabisa. Ushauri wako ni wa mtu aliye kwenye M, anayechagua kila namba mwenyewe.

Kwa hivyo binti, jibu la swali lako ni kwamba kati ya hizo namba tatu kubwa usiguse hata moja kwa sasa. Gusa `Exposure bias`. Shikilia kitufe cha +/-, zungusha gurudumu mara sita: +0.3, 0, -0.3, -0.7, -1.0, -1.3. Hizo ni hatua mbili kamili kutoka ulipokuwa, yaani robo ya mwanga.

Nitakuambia pia namba zitakazotoka, ukikaa pale pale chini ya balbu ile ile: f/3.5, 1/30, ISO 1600.

---

stadi_wa_tudor · saa 3:58 asubuhi

Mzee umeanza kupiga ramli 😂 Kwa nini isiwe 1/60 na ISO ibaki 3200? Nayo ni robo.

Na swali lingine: kwa nini asifunge tundu tu? Aweke f/8. Kila mtu anajua f kubwa ni giza.

---

mzee_wa_studio · saa 4:30 asubuhi

f/8 kwanza. Ni kosa lile lile limevaa kanzu nyingine. Kutoka f/3.5 hadi f/8 ni hatua mbili na theluthi. Kwenye A kamera itazilipa zote kwa shata, kutoka 1/15 hadi 1/3. Theluthi ya sekunde, kamera mkononi! Hata ukuta utatikisika.

Ramli yangu ni hii. Kwenye menyu ya hizi Nikon kuna `Auto ISO sensitivity control`. Ukiiwasha unaipa vitu viwili: ISO ya juu kabisa isiyovuka, na shata ya polepole kabisa ambayo ikifika hapo ianze kupandisha ISO. Paneli ya kompyuta haiandiki kama imewashwa. Lakini nikiona ISO imesimama 3200 kamili na shata imeshuka hadi 1/15, nasoma kwamba ISO ilipanda ikagonga dari, na hapo tu ndipo shata ilipoanza kushuka. Wengi huacha mpaka wa shata kwenye 1/30. Basi ukipunguza hatua mbili, kamera inarudi njia ile ile iliyojia: hatua ya kwanza inarudisha shata 1/30, hatua ya pili inateremsha ISO 1600. Ikitoka vingine, basi mipaka aliyoiweka kaka yake ni mingine, na nitasema nimekosea.

---

mama_haluwa · saa 5:12 asubuhi

Samahani nawaingilia. Mimi nauza haluwa na kashata, picha za ukurasa wangu napiga usiku dukani kwa simu. Nami zinatoka nyeupe, haluwa inakuwa kama jeli ya mkebeni. Nimefungua maelezo ya picha simuni nimeona f/1.8, 1/10, 4.25mm, ISO 1250. Nifuate hizo hatua sita pia?

---

mzee_wa_studio · saa 5:30 asubuhi

Bi Haluwa, karibu. Kwako f/1.8 haibadiliki, tundu la simu nyingi ni moja tu, limetengenezwa hivyo. Hiyo 4.25 ni urefu wa lenzi, iache. Fanya hivi: gusa skrini pale penye mwanga mkali, kwenye mng'aro wa haluwa yenyewe. Katatokeza kajua kadogo pembeni, kavute chini kwa kidole mpaka rangi irudi. Ndiyo `Exposure bias` ya simu hiyo.

Na kama ulipiga kwa hali ya usiku, usiiamini sana ile 1/10. Simu hupiga picha kadhaa kwa mpigo ikazichanganya, na namba inayoandikwa haikupi habari yote.

---

mama_haluwa · saa 5:52 asubuhi

Kajua nimekaona! Miaka miwili kako hapo. Haluwa imekuwa haluwa. Mzee ukipita njia hii, sahani yako iko.

---

kijana_wa_marikiti · saa 6:05 mchana

Wazee mnaumiza vichwa bure. Piga ilivyo, ingiza kwenye Lightroom, vuta `Exposure` chini mpaka -2. Sekunde tano. Kamera usiiguse.

---

binti_kibokoni · saa 3:30 usiku

Nimerudi. Kwanza kaka yangu amekiri: alikwenda Nyali kupiga picha za mashua kwenye mchanga mweupe, zikatoka na weusi weusi, akaweka +0.7 na hakuiondoa.

Nimekaa pale pale, balbu ile ile, nikazungusha mara sita nikihesabu kwa sauti mpaka wazee wakauliza nasoma uradi gani. Nimefungua `Details`:

| Mstari | Jana | Leo |
|---|---|---|
| `F-stop` | f/3.5 | f/3.5 |
| `Exposure time` | 1/15 sec. | 1/30 sec. |
| `ISO speed` | ISO-3200 | ISO-1600 |
| `Exposure bias` | +0.7 step | -1.3 step |

Mzee, umeroga!

Picha sasa ni usiku. Ukuta umezama, nyaya hazionekani, kanzu imerudisha mikunjo yake, na dele lina ule mstari mmoja wa mwanga ubavuni. Balbu bado ni nyeupe lakini ina umbo la balbu. Kilichobaki ni mkono, bado una ukungu kidogo. Si kama jana, lakini upo.

---

stadi_wa_tudor · saa 3:41 usiku

Nimevua kofia. Ila na mimi nidai haki yangu: sasa mkono unahitaji 1/60, na 1/60 na ISO 3200 ndiyo niliyoitaja asubuhi.

---

mzee_wa_studio · saa 4:10 usiku

Uliitaja, nakupa. Sasa ndiyo wakati wake.

Binti, una njia mbili. Ya kwanza, kaa kwenye A, ingia `ISO sensitivity settings`, ile `Minimum shutter speed` itoe kwenye 1/30 uiweke 1/60. Kamera itapandisha ISO hadi 3200 yenyewe, mwangaza utabaki wa leo, mkono utatulia zaidi. Ya pili, geuza gurudumu la juu hadi M, uweke f/3.5, 1/60, ISO 3200, na uzime `Auto ISO sensitivity control`. Usisahau kuizima. Ukiiacha, hata kwenye M itakuwa inapandisha na kushusha ISO nyuma ya mgongo wako, nawe utakuwa unabadilisha shata na huoni giza likija, uanze kuilaumu kamera. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hilo.

Mimi ningechagua M. Balbu haisogei na babu hasogei, kwa nini kamera ipime upya kila mara mzee mwenye kanzu nyeupe akikatiza mbele? Kwenye A, kila kanzu ikiingia kwenye fremu picha inazidi kuwa nyeusi, ikitoka inarudi.

Kwenye kamera hiyo ukiwa M, kile kitufe cha +/- hubadilika kazi: ukikishikilia na kuzungusha gurudumu, unabadilisha tundu. Usije ukadhani unapunguza mwanga kwa hatua kumbe umefika f/8.

Na Kijana wa Marikiti, kuvuta chini kwenye kompyuta kunafaa kwa ukuta, ukuta utakuwa mweusi sawa. Lakini kanzu iliyofutika haina mkunjo wa kurudishwa, itageuka kijivu kama shuka lililofuliwa na jinzi. Na mkono uliopigwa kwa 1/15 utabaki wa 1/15 hata uvute mpaka kesho.

---

kijana_wa_marikiti · saa 4:22 usiku

Hiyo ni JPEG mzee. Akipiga kwa RAW kanzu inarudi. Na mimi nakwambia ni afadhali apige na mwanga kisha aupunguze, kuliko kupiga gizani halafu akitaka kuinua ukuta kidogo apate changachanga za rangi kila mahali.

---

mzee_wa_studio · saa 4:35 usiku

Kwa RAW inarudi kiasi, kama haikufutika yote. Aliyopiga jana naona ilifutika. Kuhusu changachanga una haki, kivuli cha ISO 3200 ukikiinua kinatoa uchafu. Lakini yeye hataki kukiinua.

---

stadi_wa_tudor · saa 4:40 usiku

Na je, angebadilisha `Metering mode` ikawa ya nukta moja, apimie usoni kwa babu? Angekuwa hahitaji -1.3.

---

mzee_wa_studio · saa 4:52 usiku

Anaweza. Ila nukta ikiteleza kutoka shavuni ikaangukia kanzu, picha inazama; ikiangukia ukutani, amerudi alasiri. Mimi siitumii gizani. Wapo wanaoiapia, sibishani nao.

---

binti_kibokoni · Alhamisi, saa 4:05 usiku

Nimefanya M: f/3.5, 1/60, `Auto ISO` imezimwa, ISO 3200. Paneli inasema `Exposure program` ni Manual na namba ndizo hizo hizo kwenye picha zote kumi na nane. Mkono umetulia, hata uzi wa kahawa unaoteremka kwenye kikombe unaonekana.

Nikaenda kumwonyesha babu kwenye kioo cha kamera. Akaitazama sana, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nikangoja sifa. Akaniuliza, "Na Ami Saidi yuko wapi?"

Ami Saidi alikuwa amekaa barazani, mkono wa kushoto, yadi mbili kutoka kwenye balbu. Giza limemmeza mzima, imebaki ncha ya bakora yake. Babu hakufurahi hata kidogo, wamekaa pamoja hapo tangu mama yangu hajaolewa.

---

mzee_wa_studio · saa 4:20 usiku

Ha! Basi tumezidisha. Kesho jaribu 1/40, mengine yaache. Hiyo inarudisha theluthi mbili za hatua. Ami Saidi akitokea na mkono ukabaki mtulivu, simama hapo. Mkono ukianza ukungu, rudi 1/60, umwombe Ami Saidi asogee karibu na balbu.

---

binti_kibokoni · saa 4:26 usiku

Kusogea hatasogea, hapo ndipo mahali pake. Nitajaribu 1/40.